Mteja Aliyesema "Nitakujulisha"

Karakana ya makabati ya jikoni inayopata wateja kwa WhatsApp na Instagram haipotezi wengi wao kwa kutojibu. Ujumbe wa kwanza hujibiwa, mara nyingi ndani ya dakika chache, kwa sababu simu imelia na alama ya ujumbe usiosomwa inaonekana kwenye kioo. Wateja hupotea baada ya hapo. Mtu ameuliza bei, amejibiwa, amesema "sawa, nitakujulisha", na tangu dakika hiyo simu haina tena chochote cha kumkumbusha muuzaji kwamba mtu huyo yupo.

Sababu iko kwenye namna simu yenyewe inavyopanga mambo. WhatsApp huweka juu mazungumzo yaliyopata ujumbe mpya zaidi, na huweka alama kwenye yale ambayo hayajasomwa. Mteja anayeandika kila saa hubaki juu, hata kama anachotaka ni kuuliza tu. Mteja anayejadiliana na mwenzake nyumbani, ambaye huenda ndiye mwenye hela, hukaa kimya na kushuka chini kila siku. Wiki mbili zikipita amefunikwa na mazungumzo ya mafundi, wauza mbao, kundi la familia na watu waliotuma "bei gani" wakanyamaza. Simu inakumbusha kilichosomwa na kisichosomwa. Haijui kilichofanywa na kisichofanywa.

Wauzaji wengi wameliona tatizo hili na kulitafutia njia ya mkato. Wengine huyarudisha mazungumzo kwenye hali ya kutosomwa ili alama ibaki, lakini alama hiyo huondoka mara tu mazungumzo yakifunguliwa tena, hata kwa bahati mbaya. Wengine huandika jina la mteja kwa namna ya kumkumbuka, kama "Mama Goba Kabati". Jina hilo linasaidia kumtafuta mtu aliyekwisha kukumbukwa, lakini halimkumbushi mtu aliyesahaulika. Wanaotumia WhatsApp Business wana lebo za rangi, hadi 20, na wanaweza kuyachuja mazungumzo kwa lebo moja. Hiyo ni hatua nzuri, nayo ina upungufu mmoja mkubwa: lebo inasema mteja yuko wapi, haisemi lini atafutwe. Lebo ya "amepewa bei" iliyowekwa juzi na ile iliyowekwa miezi mitatu iliyopita zinafanana kabisa.

Kinachohitajika ni mkondo wa mauzo, yaani orodha moja ya wateja watarajiwa wote, ambamo kila mmoja ana mahali alipofikia, jambo moja linalofuata, na tarehe ya kulifanya. Katika vitu hivyo vitatu, tarehe ndiyo inayobeba kazi yote. Mkondo wenye hatua zilizopangwa vizuri lakini usio na tarehe ni kumbukumbu ya watu walioachwa. Orodha yenye tarehe, hata ikiwa ya daftari, haimwachi mtu.

Hatua zenyewe ziwe chache. Kwa karakana ya makabati tano zinatosha: Ameuliza, Ameeleza, Amepimwa, Amepewa bei, Kianzio. "Ameuliza" ni yule aliyetuma neno la kwanza tu. "Ameeleza" ni yule aliyesema anachotaka, anapoishi na nyumba yake imefikia wapi. "Amepimwa" ni yule ambaye fundi amefika kwake na futi kamba. "Amepewa bei" ni yule mwenye hesabu iliyoandikwa mkononi mwake, na "Kianzio" ni yule aliyetoa fedha ya kuanzia kazi. Hapo mauzo yameisha, utengenezaji umeanza, na mteja anahamia kwenye orodha ya kazi, ambayo ni jambo jingine. Nje ya hatua hizo kuna mlango mmoja wa kutokea, "Imefungwa", na anayepitishwa hapo lazima aandikiwe sababu.

Kila hatua kati ya hizo inathibitishwa na jambo lililotokea, ambalo mtu wa pili akiulizwa atakubali kwamba limetokea. Hakuna hatua iitwayo "anavutiwa" au "anaonekana yuko siriasi", kwa kuwa hizo ni hisia za muuzaji, na hisia hubadilika kwa uchovu wa siku. Muuzaji akiruhusiwa kuzitumia, baada ya mwezi nusu ya orodha itakuwa ya watu wanaovutiwa, na hakuna atakayejua kinachosubiriwa kwao.

Orodha inaweza kukaa kwenye lahajedwali ya Google Sheets, ambayo hufunguka kwenye simu na huonwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Safu nane zinatosha, kuanzia A hadi H: tarehe ya kuingia, jina, simu, anachotaka, hatua, kinachofuata, lini, na mhusika. Safu ya "kinachofuata" huandikwa kwa kitenzi: kupiga simu kuuliza rangi, kutuma picha ya kabati la kona, kwenda kupima. Maneno kama "kufuatilia" hayafai hapo, kwani asubuhi ya kufuatilia ikifika muuzaji atakaa akijiuliza alitaka kufuatilia nini. Safu ya mhusika huwa na jina la mtu mmoja. Pale wawili wanapojibu simu moja, kila mmoja hudhani mwenzake ameshamrudia mteja.

Kisha lahajedwali ifanywe ipige kelele yenyewe. Kwenye menyu ya Format kuna Conditional formatting, na ndani yake kuna chaguo la Custom formula is. Eneo la A2:H likishachaguliwa, fomula hii huugeuza mstari kuwa mwekundu siku ya kumtafuta mteja ikifika au ikipita:

```
=AND($B2<>"",$G2<=TODAY(),$E2<>"Kianzio",$E2<>"Imefungwa")
```

Fomula inasema hivi: ikiwa mstari una jina, na tarehe iliyo kwenye safu G ni ya leo au imepita, na mteja hajatoa kianzio wala hajafungwa, basi mstari uwake. Ina faida moja isiyoonekana mara moja. Kisanduku kitupu cha tarehe huhesabiwa kuwa sifuri, na sifuri ni ndogo kuliko tarehe ya leo, hivyo mteja aliyeandikwa bila tarehe huwaka papo hapo. Mtu hawezi kuingia kwenye orodha kimyakimya.

Kasoro ziko mbili, na zote zinahusu tarehe. Ya kwanza ni kuandika maneno badala ya tarehe. "Mwisho wa mwezi" ikiandikwa kwenye safu G, lahajedwali huiona kuwa maandishi, na kwake maandishi ni makubwa kuliko namba yoyote. Mstari huo hautawaka kamwe. Ya pili ni mpangilio wa tarehe. Faili iliyowekwa kwa desturi ya Marekani husoma 3/4/2025 kuwa tarehe 4 Machi badala ya tarehe 3 Aprili, na 25/4/2025 huiacha kuwa maandishi kwa sababu hakuna mwezi wa 25. Dalili huonekana kwa macho: tarehe halisi husogea upande wa kulia wa kisanduku, maandishi hukaa kushoto. Dawa ni kuingia File, kisha Settings, na kubadilisha Locale iwe ya nchi inayotanguliza siku kabla ya mwezi.

Namba ya simu nayo ina hila yake. Ikiandikwa kuanzia sifuri, lahajedwali huiondoa sifuri hiyo. Safu ya simu iwekwe kuwa Plain text, au namba zianzie na 255. Namba ndiyo utambulisho wa mteja, maana majina hujirudia. Hutokea pia mke akaandika leo na mume akaandika kesho kuhusu jiko moja. Hao huwekwa kwenye mstari mmoja, la sivyo mmoja atapewa bei na mwenzake apewe nyingine.

Asiyetumia lahajedwali anaweza kupata matokeo yale yale kwa shajara ya mwaka, ile yenye ukurasa kwa kila siku. Jina la mteja na kinachofuata huandikwa kwenye ukurasa wa siku ya kumtafuta, na akishatafutwa huandikwa upya kwenye ukurasa wa siku nyingine au hukatwa kwa sababu iliyoandikwa. Kasoro ya shajara ni kwamba haihesabu, na ikipotea imepotea. Lakini kwa fundi mwenye wateja watarajiwa 20 au 30 inafanya kazi bora kuliko lahajedwali isiyofunguliwa.

Swali gumu ni tarehe itoke wapi. Muuzaji asiyezoea huweka tarehe kwa kukisia, siku tatu au wiki moja, sawa kwa kila mtu. Tarehe nzuri hutoka kwa mteja mwenyewe, na huombwa wakati mazungumzo bado ya moto. Mteja anaposema "sawa, nitakujulisha", jibu la "karibu sana" linaufunga mlango kwa heshima. Jibu la "sawa dada, basi nikukumbushe lini, wiki hii au mwezi ukiisha?" linaacha tarehe mkononi. Watu wengi hulijibu swali hilo bila kusita, kwa kuwa haliwasukumi kununua, linawauliza ratiba yao tu.

Katika biashara ya makabati kuna chanzo cha tarehe kilicho bora zaidi, nacho ni hali ya nyumba. Jengo hupitia msingi, kuta, lenta, kupaua, plasta, kisha vigae na rangi. Kabati la jikoni halipimwi kwa uhakika kabla ya plasta, kwa kuwa unene wa plasta na vigae hupunguza nafasi, na kabati lililokatwa mapema hukwama ukutani. Mteja aliye kwenye lenta hana haja ya kupigiwa kila wiki. Anayeuliza bei katika hatua hiyo anapanga bajeti, na ni mteja halali kabisa, ila wakati wake haujafika. Huyo hupewa makadirio ya jumla, na kinachofuata kwake ni kuulizwa kama ameshapaua, labda baada ya miezi miwili. Aliyemaliza plasta na anayetafuta fundi wa vigae ni wa wiki hii hii. Swali moja, "nyumba imefikia wapi?", linampanga mteja kwenye kalenda kwa usahihi kuliko maswali kumi kuhusu uwezo wake wa kifedha.

Mfano wa mteja mmoja wa Goba, jijini Dar es Salaam, uliotungwa kwa ajili ya kueleza, unaonyesha mkondo ukifanya kazi kwa tarehe za mwaka 2025. Jumatatu tarehe 3 Machi anaona picha na kuandika "Bei gani hii?" Hapewi bei. Anajibiwa kwa salamu na kuulizwa yuko wapi, jiko lina ukubwa gani na nyumba imefikia wapi. Anaeleza kwamba plasta imekamilika na vigae vinawekwa. Siku hiyo hiyo mstari wake unahama kutoka "Ameuliza" kwenda "Ameeleza". Kinachofuata ni kwenda kupima, tarehe 6 Machi.

Alhamisi ya tarehe 6 fundi anapima: ukuta mmoja mita 3.2, mwingine mita 2.1, vinakutana kwenye kona. Jumamosi tarehe 8 mteja anatumiwa hesabu ya shilingi 3,600,000, makabati ya chini na ya juu. Anajibu: "Sawa, nitakujulisha." Hapa ndipo wateja wa namna yake huzama. Mstari wake unaandikwa "Amepewa bei", na tarehe inawekwa 11 Machi, siku tatu mbele, ili ajibu la kwanza lipatikane angali anaikumbuka hesabu.

Jumanne tarehe 11 mstari unawaka. Ujumbe unaotumwa hauulizi "umefikia wapi?", kwani swali hilo linamdai mteja jibu ambalo bado hana. Unasema: "Habari za leo, dada. Ile hesabu ya Jumamosi, kinachosubiriwa ni bei au ni rangi?" Swali la namna hiyo hujibiwa kwa neno moja, na neno hilo linaeleza kizuizi. Mteja anaandika kwamba mume wake hajaiona, yupo safarini, na mwezi ni wa Ramadhani, waongee baada ya Idi. Tarehe inawekwa 3 Aprili, Alhamisi, siku chache baada ya sikukuu, na kwenye safu ya kinachofuata panaandikwa: kumpigia, mume awe ameona hesabu.

Kwa wiki tatu na siku mbili hakuna anayemsumbua. Mazungumzo yake yameshuka chini kabisa kwenye simu, na muuzaji hana haja ya kuyakumbuka. Tarehe 3 Aprili mstari unawaka na simu inapigwa. Mume anasema jumla ni kubwa. Muuzaji anapendekeza waanze na makabati ya chini kwa shilingi 2,200,000, ya juu yafuate watakapokuwa tayari. Wanaomba siku chache. Tarehe inawekwa Jumatatu tarehe 7. Siku hiyo wanakubali, na Jumatano tarehe 9 Aprili wanatoa kianzio cha nusu, shilingi 1,100,000. Zimepita siku 37 tangu swali la kwanza. Muuzaji alimtafuta mara tatu tu baada ya kutoa bei, na kila mara alikuwa na sababu ya kumtafuta.

Si kila mteja huishia hivyo, na mkondo usio na njia ya kutoka hujaa maiti. Aliyepewa bei na kunyamaza anaweza kutafutwa baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki moja, kisha baada ya wiki mbili, kila mara kwa kitu kipya: picha ya jiko linalofanana na lake, chaguo la bodi ya bei nafuu, au nafasi iliyopatikana kwenye ratiba ya mafundi. Asipojibu mara zote tatu, ujumbe wa mwisho humwambia kwa adabu kwamba hesabu yake inawekwa pembeni na kwamba anakaribishwa wakati wowote. Ujumbe huo wakati mwingine hupata jibu pale yaliyotangulia yalipokosa, pengine kwa sababu unamwondolea mtu aibu ya kuwa kimya. Asipojibu huo nao, mstari unafungwa na sababu inaandikwa: bei, amepata fundi mwingine, ujenzi umesimama, au kimya.

Kazi ya kila siku ni ndogo. Asubuhi, kabla ya kufungua ujumbe mpya, muuzaji hufungua orodha na kushughulika na mistari myekundu hadi iishe. Mpangilio huo ni wa lazima. Ujumbe mpya ukifunguliwa kwanza, siku nzima humezwa nao. Dalili ya kwamba mkondo umeanza kuoza ni tarehe kusogezwa mbele bila mteja kutafutwa. Mstari uliosogezwa mara tatu hivyo unaonyesha kwamba kinachofuata kimeandikwa vibaya, au muuzaji anaogopa kupiga simu, au mteja alipaswa kufungwa zamani.

Mwisho wa mwezi orodha huhesabiwa. Ikiwa walioingia ni 40, walioeleza 26, waliopimwa 18, waliopewa bei 18 na waliotoa kianzio 5, macho huenda kwenye pengo kati ya 18 na 5. Hapo sababu zilizoandikwa ndizo zinazosema. Watu 13 wakigawanyika kuwa saba wa "kimya" na sita ambao bado tarehe zao hazijafika, tatizo la karakana bado halijajulikana, na wale saba wanastahili kupigiwa badala ya kuandikiwa. Ikiwa tisa kati yao wameandikiwa "bei", hapo kuna la kuamua: kupunguza, kugawanya kazi kama ilivyofanyika Goba, au kutaja kiwango cha chini mapema ili fundi asipande daladala kwenda kupima jiko la mtu asiyefikia hata nusu ya gharama. Ni vema kukumbuka kwamba walioingia wiki ya mwisho hawajapata muda wa kufika mbali. Kuwahesabu pamoja na wa wiki ya kwanza hufanya mwezi uonekane mbaya kuliko ulivyo.

Lahajedwali hufika kikomo. Wauzaji wakiwa zaidi ya watatu, au mistari hai ikizidi mia mbili, watu huanza kuandika juu ya maandishi ya wenzao, na historia ya mazungumzo haikai tena kwenye kisanduku kimoja. Hapo ndipo programu maalumu ya mauzo inapoanza kulipa gharama yake. Kuinunua kabla ya hapo ni kununua safu 40 za kujaza, na fundi mwenye vumbi la mbao mikononi hatazijaza.

Jambo la mwisho ni la kisheria. Orodha ya majina, namba za simu na mahali watu wanapojenga ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Kwa karakana ndogo maana yake ni kuandika kile tu kinachohitajika kwa kazi, kutoipa namba ya mteja kwa fundi wa vigae au dalali bila ruhusa yake, na kumwondoa haraka mfanyakazi anayeacha kazi kwenye orodha ya wanaoweza kufungua faili. Mteja akiomba asitafutwe tena, mstari wake ufungwe siku hiyo hiyo.